Nani mwenye haki ya kusema "rudini"?

Usiku wa tarehe 22 Aprili 1951, askari wa China walianza kuvuka Mto Imjin, kaskazini ya Seoul, katika mashambulizi makubwa ya majira yale ya kuchipua. Walikutana na Brigedi ya 29 ya Uingereza, iliyokuwa Korea chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa na chini ya amri ya Wamarekani. Asubuhi ya tarehe 25, batalioni moja ya brigedi hiyo, ile ya kikosi cha Gloucestershire, ilikuwa haipo tena kama jeshi. Zaidi ya watu 500 walichukuliwa mateka, na waliofika salama kwenye mistari ya wenzao walikuwa wachache mno.

Waandishi wa Uingereza wamezoea kueleza mkasa huo kwa kisa kimoja. Brigedia Thomas Brodie, mkuu wa brigedi, aliulizwa na jenerali wa Kimarekani aliyekuwa juu yake hali ikoje. Akajibu kwa namna ya maofisa wa kwao, wanaoona aibu kulia njaa hata wakiwa wanakufa, kwamba mambo yamebana kidogo. Mmarekani akasikia neno "kidogo", akaridhika kwamba kazi inakwenda. Kwa hiyo, kisa kinatuambia, batalioni nzima iliangamia kwa sababu watu wa lugha moja hawakuelewana.

Kisa ni kitamu, na huenda maneno hayo kweli yalisemwa. Lakini sioni kwamba kinatosha. Jenerali mwenyewe, Robert Soule wa Divisheni ya 3 ya Marekani, hakukaa na kuamini kwamba mambo ni shwari. Tarehe 24 Aprili batalioni ya Wafilipino na vifaru vilitumwa kujaribu kuwafungulia njia Wagloster waliozingirwa, na kwa siku iliyofuata ukapangwa msaada mwingine mkubwa zaidi. Mtu anayeamini kwamba shida ni ndogo hatumi vifaru. Soule alijua kwamba watu wale wamezingirwa. Jambo lililowaangamiza lilikuwa kwingine, na ndilo ninalotaka kulifuata hapa, kwa sababu majeshi ya pamoja ya leo, yakiwemo ya kwetu Afrika, bado yanalikwaa.

Sisemi kwamba lugha ni jambo dogo. Miezi mitano kabla ya Imjin, brigedi ya Waturuki wapatao 5,000 ilikuwa imeona lugha inavyoweza kuua. Mkuu wao, Brigedia Jenerali Tahsin Yazıcı, alikuwa askari mkongwe aliyepigana Gallipoli dhidi ya Waingereza, lakini Kiingereza chake kilikuwa haba. Wakalimani walikuwa wachache, na wengi wao hawakuyajua maneno ya kijeshi. Tarehe 26 Novemba 1950, wakati mistari ya Wakorea Kusini upande wa kulia ilikuwa inavunjika, Waturuki waliamriwa kutoka Kunu-ri kuelekea mashariki, barabara ya Tokchon, kwenda kuziba pengo. Amri zikafuatana: nendeni, simameni, geukeni. Kila moja ilipita kwa mkalimani, na ilipofika ilikuwa imekwisha kuchacha, kwa kuwa hali ilikuwa imebadilika. Karibu na kijiji cha Wawon walikutana na kundi la watu wakija mbio kutoka mbele, wakalishambulia, wakateka wengi, na habari ya ushindi ikarushwa. Baadaye ikabainika kwamba mateka wale walikuwa Wakorea Kusini waliokuwa wakiwakimbia Wachina. Wachina wenyewe walifika baadaye, na Waturuki wakapigana nao kwa ushujaa unaosimuliwa mpaka leo, wakipoteza watu wengi.

Makosa ya namna hiyo yana sifa moja nzuri: yanaonekana. Kila mtu alielewa kwamba Waturuki walihitaji wakalimani waliofunzwa jeshi, na maofisa wa Kimarekani wa kukaa nao muda wote. Hata katika vikosi vya Marekani vyenyewe, tangu Agosti 1950 maelfu ya vijana wa Kikorea waliingizwa katika kombania za Wamarekani, kila mmoja akipewa mwenzake wa Kimarekani wa kula naye na kulala naye handaki moja. Wengi hawakujua hata neno moja la Kiingereza. Ilianza vibaya sana, lakini miezi ilivyopita walijifunza kwa ishara, kwa kuigana na kwa kupigana pamoja. Lugha ni ukuta ambao kila mtu anauona, kwa hiyo watu hutafuta mlango. Taratibu za kupigana, na swali la nani ana haki ya kuamua nini, hazionekani mpaka siku ya mauti.

Turudi Imjin, tuitazame ramani. Brodie alikuwa na batalioni nne. Tatu zilikuwa za Uingereza: Gloucestershire, Royal Northumberland Fusiliers na Royal Ulster Rifles. Ya nne ilikuwa ya Wabelgiji, ndani yake wakiwemo askari wachache wa Luxembourg. Hao Wabelgiji, ambao wenyewe waligawanyika kati ya wasemaji wa Kifaransa na Kiholanzi, walipewa kilima ng'ambo ya mto, upande wa kulia. Wagloster walikuwa kushoto kabisa, wakilinda kivuko. Eneo lote lilizidi kilomita kumi. Kati ya Wagloster na batalioni iliyowafuata upande wa kulia palikuwa na pengo la kilomita tatu hivi lisilokuwa na mtu, na kushoto kwao, ng'ambo ya mpaka wa divisheni, walikuwa Wakorea Kusini wa Divisheni ya 1.

Yeyote aliyefundishwa ulinzi anaona kasoro papo hapo. Mapengo namna ile hulindwa kwa seng'enge, mabomu ya ardhini na mizinga iliyokwisha kupimiwa shabaha. Lakini mbele ya Wagloster hapakuwa na uwanja wa mabomu wala seng'enge ya maana. Sababu si uzembe. Jeshi la Nane la Marekani, ambalo liliongoza vikosi vyote vya nchi kavu Korea, lilikuwa katika mwendo wa kusonga mbele kidogo kidogo, kutoka mstari hadi mstari. Mahali pale palichukuliwa kuwa kituo cha kupumulia kabla ya hatua nyingine. Anayetarajia kuhama kwenda mbele hafukii mabomu mbele ya miguu yake mwenyewe. Mpango ulikuwa wa Wamarekani, na Brodie aliukuta umekwisha kupangwa. Angeweza kukusanya batalioni zake karibu karibu ili zilindane, lakini angekuwa ameacha wazi sehemu ya mto aliyoamriwa kuishika, na jirani zake wa pande zote mbili wangebaki ubavu nje.

Hapo ndipo tofauti ya mafunzo inapouma. Ofisa wa Kiingereza alizoea kupewa lengo, kisha akaachiwa namna ya kulifikia, na kama haafiki alikuwa na nafasi ya kujadiliana na mkubwa wake kabla amri haijakauka wino. Wamarekani waliandika amri kwa undani zaidi, zikitoka juu na mistari imekwisha kuchorwa kwenye ramani, na kuhoji mstari kungeweza kusikika kama kukosa ari. Kila utaratibu una mantiki yake ndani ya jeshi lake. Tabu huanza pale mkuu aliyelelewa katika mmoja anapoamriwa na mkuu aliyelelewa katika mwingine. Wa chini anangoja kuulizwa maoni yake. Wa juu anaamini kwamba kama kungekuwa na neno, lingekwisha kusemwa.

Chukua mizinga, ambako tofauti hii mtu anaweza kuigusa kwa mkono. Brigedi ilikuwa na kikosi chake cha mizinga, Field Regiment ya 45, yenye bunduki kubwa zinazorusha kombora la kilo 11 hivi. Katika jeshi la Uingereza, ofisa wa mizinga anayekaa mbele na askari wa miguu, macho yake yakiona adui, ndiye anayeamuru. Akisema pigeni, bunduki alizopewa zinapiga. Katika jeshi la Marekani, ofisa wa mbele anaomba. Ombi lake linakwenda kituo cha nyuma ambako wenye hesabu na ramani pana wanaamua bunduki zipi zipige, kiasi gani, na kama kweli lengo hilo linastahili kuliko mengine. Utaratibu wa Kiingereza una kasi kwa bunduki chache zilizo karibu. Wa Kimarekani unaweza kukusanya bunduki za divisheni nzima, hata na mizinga mizito ya zaidi ya kilo 40 kwa kombora, juu ya kilima kimoja, lakini unahitaji mtu anayejua kuuomba kwa lugha yake na kwa njia zake.

Kwa siku tatu bunduki za Field Regiment ya 45 zilipiga karibu bila kupumzika, na bila hizo Wagloster wasingeishi hata usiku wa kwanza. Ila hazikutosha kwa adui aliyekuja kwa maelfu, wimbi nyuma ya wimbi. Kuitwa kwa mizinga mizito na ndege za washirika kulitegemea kupita kwa brigedi, kisha divisheni, kisha kupangwa pamoja na maombi ya vikosi vingine vilivyokuwa vinaungua usiku uleule katika mstari mzima. Na Wachina walishambulia usiku, wakati ndege hazikuwa na la kufanya.

Sasa tufike kwenye kiini. Mfululizo wa amri ulikuwa hivi: Luteni Kanali James Carne wa Gloucestershire alikuwa chini ya Brodie. Brodie alikuwa chini ya Soule. Soule alikuwa chini ya Jenerali Milburn wa Kori ya 1, na Milburn chini ya Jenerali James Van Fleet, ambaye alikuwa ameshika Jeshi la Nane siku chache tu kabla, katikati ya Aprili. Nyuma ya wote ilikuwa Seoul, mji ambao ulikwisha kupotea mara mbili, na ambao wakubwa hawakutaka upotee mara ya tatu.

Kila ngazi iliona kitu tofauti. Carne, kufikia tarehe 24, alikuwa amewakusanya watu wake waliobaki juu ya kilima kimoja, Kilima 235, maji na risasi zikipungua na betri za redio zikifa. Alimweleza Brodie wazi kwamba batalioni yake haikuwa tena na nguvu ya kikosi cha vita, na kwamba wakiambiwa wabaki, watabaki. Ukisoma maneno ya namna hiyo, unamwona mtu anayempa mkubwa wake nafasi ya kumwambia rudi. Brodie alielewa. Lakini kilima kile, kwenye ramani ya Soule, kilikuwa kizuizi katika barabara ya kuelekea kusini, na kila saa Wachina waliyokwama hapo ilikuwa saa ya vikosi vingine kurudi nyuma kwa utaratibu. Soule alikuwa na mpango wa kuwaokoa kesho yake. Brodie, akiwa mgeni ndani ya divisheni ya wengine, hakuwa na mamlaka ya kuwaondoa watu wake bila idhini, na hakuwa na ofisi yake ya juu zaidi ya kumpigania hoja. Jenerali wa nchi yake mwenye cheo cha kuzungumza na Milburn au Van Fleet kwa usawa hakuwepo pale Korea.

Hili ndilo shimo. Jenerali wa Kimarekani angejua, kwa uzoefu wa miaka ya chuo kimoja na vita vimoja, ni lini brigedia wake analalamika na ni lini anakata roho. Kwa Brodie, Soule hakuwa na uzoefu huo. Na Brodie, kwa upande wake, alikuwa anabeba jina la nchi. Mkuu wa kikosi cha kigeni akiomba kurudi mapema, anaogopa itasemwa kwamba Waingereza waliacha ubavu wazi. Akichelewa, watu wake wanakufa. Mkuu wa kikosi cha wenyeji wa jeshi hana mzigo huo wa pili begani.

Jaribio la uokoaji la tarehe 24 linastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake muungano wote unaonekana katika barabara moja nyembamba. Mbele walitangulia Wafilipino na vifaru vyao vyepesi vya Kimarekani, aina ya Chaffee, vya tani 18 hivi. Nyuma yao walikuja Waingereza na Centurion zao, vifaru vya tani 50 ambavyo ndivyo vilikuwa na chuma cha kustahimili moto ule. Njia ilipita kwenye bonde lililobanwa na milima, Wachina wakiwa juu. Ilipobaki kama kilomita mbili kufika kwenye kilima, kifaru cha kwanza kikapigwa, kikawaka, kikaziba njia. Centurion zilikuwa pana mno kwa njia ile na hazikuweza kukipita. Msafara ukarudi. Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya kikosi cha 65 cha Marekani, ambacho askari wake wengi walikuwa watu wa Puerto Rico wanaozungumza Kihispania, lakini asubuhi hiyo mstari mzima ulikuwa unarudi nyuma na nafasi ilikwisha kupita.

Ruhusa ya kujiondoa iliwafikia Wagloster alfajiri ya tarehe 25. Carne aliwaambia makamanda wa kombania kila mmoja ajitafutie njia na watu wake. Daktari wa batalioni na kasisi walibaki na majeruhi, wakatekwa nao. Wengi walielekea kusini moja kwa moja, wakaingia mikononi mwa Wachina. Kapteni Mike Harvey wa Kombania D alifikiri tofauti: akawapeleka watu wake kwanza kaskazini, kule alikotoka adui, kisha magharibi, kisha kusini kwa kupitia mabonde. Walipokaribia mistari ya Wakorea Kusini, vifaru vya Marekani vilivyokuwa vinawasaidia Wakorea viliwaona watu wachafu wakishuka kutoka upande wa Wachina, vikawafyatulia risasi. Baadhi yao walipigwa kabla ya kutambuliwa. Waliookoka walikuwa kama arobaini.

Baada ya mapigano hayo, Jenerali Matthew Ridgway, mkuu wa majeshi yote ya Umoja wa Mataifa kule, alimwandikia Van Fleet akionesha kwamba hakuwa ametulia moyoni. Alitilia shaka kama wale walio katika mfululizo wa amri walitambua hatari kwa wakati na kuchukua wajibu wao. Wagloster walipewa nishani ya juu ya vikosi ya Marekani, na Carne alipewa Msalaba wa Viktoria. Mimi naona barua ya Ridgway ina uzito kuliko nishani zote mbili, kwa kuwa iliuliza swali lililofaa na ikaelekezwa kwa watu waliofaa.

Jibu la vitendo lilikuja tarehe 28 Julai 1951. Siku hiyo iliundwa Divisheni ya 1 ya Jumuiya ya Madola, ikiwaunganisha Waingereza, Wakanada, Waaustralia na Wanyuzilandi, pamoja na hospitali ya vita ya Wahindi. Mpango wake ulikuwa umeanza kabla ya Imjin, lakini baada ya Imjin hakuna aliyehitaji kushawishiwa. Mkuu wake, Meja Jenerali James Cassels, alibaki chini ya Kori ya 1 ya Marekani. Tofauti ilikuwa katika mambo mawili. Kwanza, sasa alikuwa jenerali wa divisheni aliyeketi meza moja na majenerali wa divisheni za Kimarekani, mwenye mizinga yake, wahandisi wake na maofisa wake wa mipango. Pili, alikuwa na maelekezo ya maandishi kutoka serikali zilizomtuma: akipewa amri anayoona inavuka madhumuni ya Umoja wa Mataifa au inawaweka watu wake katika hatari isiyo na sababu, alikuwa na haki ya kuipeleka kwa mkuu wa majeshi ya Madola aliyekuwa Japani, na kupitia kwake kwa serikali hizo.

Cassels aligombana na kori mara kadhaa. Ugomvi mmoja ulihusu amri za kupeleka doria mara kwa mara kukamata mateka, hata pale ambapo yeye hakuona faida inayolingana na maiti. Wamarekani waliona hiyo kuwa kazi ya kawaida ya kujua adui yuko wapi. Cassels aliona kwamba amri ziliandikwa bila kumwuliza anayezitekeleza. Lakini hiyo haki yake ya maandishi ilifanya kazi zaidi ikiwa mfukoni kuliko ikiwa mezani. Wakubwa wake walijua ipo, kwa hiyo walianza kumwuliza kabla.

Msomaji anayefuata habari za Somalia atatambua sura hiyo, ingawa huko ilikuja kichwa chini. Kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM, kiligawa nchi katika sekta, na kila sekta ikashikwa zaidi na jeshi la nchi moja: Uganda, Kenya, Ethiopia, Burundi, Djibouti. Hapo haki ya kuuliza nyumbani haikuhitaji kuandikwa, kwani makao makuu ya kikosi hayakuwa na nguvu ya kutosha ya kuvuta askari au ndege kutoka sekta moja kwenda nyingine bila ridhaa ya mji mkuu wa wenyewe. Brodie alikosa mtu wa nyumbani wa kumsemea. Kamanda wa Mogadishu alikuwa na watu wengi mno wa nyumbani waliokuwa na la kusema, na kambi inayoshambuliwa alfajiri haiwezi kungoja miji mikuu ikubaliane.

Lakini kule Korea, suluhisho la Cassels lilikuwa la matajiri. Ili uwe na divisheni lazima uwe na askari zaidi ya elfu kumi. Ethiopia ilileta batalioni moja, Kagnew, kutoka katika walinzi wa Mfalme Haile Selassie, iliyofika Mei 1951 na kuwekwa chini ya kikosi cha 32 cha Divisheni ya 7 ya Marekani. Kolombia, Ugiriki, Uholanzi, Ufaransa na Thailand nazo zilileta batalioni moja moja zikaunganishwa na vikosi vya Wamarekani. Mkuu wa batalioni kama hiyo alikuwa na kanali wa Kimarekani juu yake, na juu ya kanali huyo hakuna mwenzake wa nchi yake mpaka afike balozi. Aliyekuwa na bahati alipata kanali mwenye subira, anayekuja mwenyewe handakini kuona kabla ya kuchora mstari. Hayo hayakuandikwa katika mkataba wowote, na kanali alipobadilishwa, yalianza upya.